Chai ya Saa Sita

Wiki nzima termosi sita za inox, chuma kisichoshika kutu, zilikaa kwenye rafu ya Mama Godelieve, pale sokoni Manika. Binti yake Mignonne alikuwa amezitangaza kwenye WhatsApp kwa kunakili maneno ya katoni: «Inox, kuta mbili, litre moja, moto kwa saa kumi na mbili.»

«Batu banaangalia, banapita tu,» Mignonne akalalamika.

«Banapita juu uliandika katoni!» mama akafoka. «Tata yako hakukunywa inox. Alikunywa chai.»

Alikumbuka miaka ambayo marehemu mumewe Kalumba alikuwa mgodini, naye akimjazia chai alfajiri, kila siku ya zamu. Termosi ile ilikuwa na kioo ndani. Siku moja ilianguka kutoka kwenye pikipiki, na Kalumba akarudi akiitikisa sikioni mwake, vipande vikilia kama njugu, akicheka.

«Andika,» Mama Godelieve akamwambia binti yake. «Mama, mimina chai saa kumi na moja ya asubuhi, saa sita bwana anakunywa, ingali ya moto. Ndani ni inox, hapana kioo: hata ikianguka ku pikipiki, haipasuke.»

Mignonne akaandika hivyo hivyo. Kufikia Jumamosi, wake za wachimbaji walikuwa wamechukua tano.

Ya sita Mama Godelieve hakuiuza. Kila alfajiri anaijaza chai, anaifunga vizuri. Ikifika saa sita anaifungua na kunywa mwenyewe, ingali ya moto.