Bia ya Mtama kwa Ajili ya Dada

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusoma picha badala ya maandishi. Kwenye chupa palichorwa suke jekundu la mtama, na chini yake jina la nafaka hiyo kwa herufi kubwa. Nikanunua chupa mbili hapa Shinyanga, nikampelekea dada yangu Nyasubi, Kahama, nikijiona nimetatua tatizo la ukoo mzima.

Dada haruhusiwi gluteni, ile protini inayofanya donge la maandazi livutike. Imo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi. Kwa miaka alitibiwa amiba na taifodi, akakonda, mpaka daktari mmoja alipompima damu na utumbo akamwambia ni ugonjwa wa kudumu na dawa yake ni chakula tu. Kazi yake ni kupikia wachimbaji nje ya mji. Aliacha hata kukanda chapati, kwa sababu vumbi la unga lilikuwa linamrudisha kitandani.

"Mama lishe gani hana chapati?" wachimbaji walimtania. "Siku hizi unatufundisha kufunga?"

"Kula wali unyamaze," aliwajibu. "Shimoni unaingia na tumbo, huingii na chapati."

Kilichomuuma zaidi ni bia. Si kwamba alikuwa mnywaji. Alipenda glasi moja kwenye sherehe, akiwa amekaa na wenzake, bila kueleza tumbo lake kwa kila mtu. Ndiyo maana alipoona suke la mtama kwenye zile chupa zangu alicheka, akanywa moja yote. Kesho yake jiko lake halikuwaka. Halikuwaka kwa siku nne.

Nilisoma karatasi ya ile chupa ya pili nikiwa nimekaa nje ya mlango wake. Maandishi ya nyuma yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi: maji, mtama, sukari, kimea cha shayiri, hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Shayiri ilikuwa ya nne, imetulia pale, haikujificha. Mimi ndiye sikuitafuta.

Tangu hapo nikawa mgonjwa wa karatasi za chupa. Nilijifunza kwenye simu, maana sina shule ya mambo haya. Niligundua kwamba kimea kikiandikwa peke yake, bila kutajwa nafaka, kwa kawaida ni cha shayiri. Bia "iliyopunguzwa gluteni" ni bia ya shayiri iliyotiwa kimeng'enya cha kuivunjavunja gluteni, na haiwi salama kwa kila mwenye ugonjwa huu. Isiyo na gluteni kwa kweli huanzia kwenye nafaka isiyo nayo, kama mtama, ulezi au uwele, kisha hupimwa. Nilisoma na ile mistari ya mwisho kabisa, inayosema kiwanda hichohicho hutumia pia ngano. Nikiisoma nilikuwa nachoka, kisha naisoma tena.

Binti wa dada alikuwa anakaribia komunyo ya kwanza. Dada aliniambia kwenye simu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Siku ile ningependa na mimi nishike glasi. Ukiniambia ni salama, nitakunywa." Sikulala vizuri wiki nzima. Nikaamua kuipika mwenyewe, chumbani kwangu Kambarage.

Nililoweka mtama siku nzima nikibadilisha maji, nikautandaza juu ya gunia bichi, nikaufunika. Siku ya tatu ukachipua. Nikauanika, nikasugua vichipukizi na mizizi yote ikatoka, kwa sababu chipukizi la mtama lina sumu. Mara mbili ulipata ukungu, nikamwaga. Mara nyingine nilitia unga wa kimea kwenye uji unaochemka, kikafa, uji ukabaki uji. Uji lazima upoe kwanza mpaka uwe moto wa kuvumilika, ndipo utie kimea, nao huanza kulegea na kuwa mtamu. Baada ya hapo nilichuja, nikachemsha na hopsi, nikapoza, nikatia hamira.

Ile iliyofaulu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Povu lake lilipanda likashuka kabla sijamaliza kumimina, ndivyo bia ya mtama ilivyo. Ilikuwa nyepesi mdomoni, na uchachu kidogo, kisha ule ukakasi wa mtama mwekundu unaobaki kwenye ulimi kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Nyuma kabisa kulikuwa na harufu ya udongo mkavu. Haikuwa kama bia ya dukani. Niliipenda hivyohivyo.

Nilichapisha karatasi za chupa kwenye duka la steshenari. Nilirudia mara tano kwa sababu ya nafasi kati ya mistari. Maji, mtama, hopsi, hamira. Chini, kwa herufi nzito: HAINA GLUTENI. Nikazituma chupa Kahama kwa basi.

Siku mbili kabla ya komunyo nilienda kusagisha mahindi ya nyumbani kwenye mashine ileile niliyosagia kimea. Mbele yangu mama mmoja alikuwa na ndoo ya lishe ya mtoto. Nilimuuliza mwenye mashine, kwa woga tu, mle ndooni mna nini.

"Mahindi, soya, ulezi, karanga, ngano. Lishe ya kawaida," alisema.

"Huwa unasaga ngano hapa?"

"Sasa lishe bila ngano ni lishe?"

"Na siku ile ulisaga nini kabla ya mtama wangu?"

Akanitazama kama ninayemdai deni la marehemu. "Kijana, nitakumbuka? Unga wa mwenzako hutangulia, wako unausukuma. Ukikataa, kajenge mashine yako."

Hakuwa na kosa. Kila mtu hapa anajua kwamba konzi la kwanza si lako. Hata mimi nilijua tangu mdogo, nilipokuwa natumwa kusagisha. Sikuwahi kufikiri kwamba konzi hilo lingemlaza mtu.

Nilitaka kunyamaza. Naandika hivi kwa aibu. Nilijiambia labda siku ile walitangulia watu wa mahindi, labda ni kidogo mno. Nilikaa na simu mkononi mpaka jua likazama, ndipo nikampigia.

"Dada, usiinywe. Sina uhakika na mashine."

Nikasikia sufuria ikifunikwa.

"Karatasi yako ilisema haina."

"Niliandika mimi. Sikujua."

"Haya," akasema. "Nimechoka, mdogo wangu. Tutaongea kesho."

Siku ya komunyo wageni walikunywa bia yangu na kuisifia. Zile karatasi nilikuwa nimezibandua zote kwa maji ya moto. Dada alishika glasi ya maji ya tangawizi. Shemeji mmoja akamuuliza kama ameokoka, wageni wakacheka, naye dada akacheka pamoja nao. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naosha vyombo visivyo vyangu.

Sasa nina kinu kipya na mchi, havijawahi kuguswa na ngano. Mtama nauchagua punje kwa punje kwenye ungo, na hamira nasoma pakiti yake kila ninaponunua, hata ile ninayoijua. Mikono huniuma siku mbili baada ya kutwanga. Dada amekunywa glasi moja ya bia ya kinu hicho, Jumanne moja tu, jikoni kwake, na asubuhi akaenda kazini. Kwenye chupa naandika nilichotia, nilikotwangia, na kwamba haijapimwa maabara. Sijaandika tena kwamba haina gluteni.