Ananisema Akimbembeleza Mwanangu

(Jina la mama huyu tunalo, hatulitoi. Mhariri.)

Bwana Mhariri na wasomaji wote, salamu. Nina miaka ishirini na miwili, nilisoma hadi darasa la nne katika shule ya misheni, na nakaa mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma na mume wangu, karani wa stesheni. Mtoto wetu mmoja, ambaye hapa nitamwita Yona, ana mwaka na miezi minne. Naandika kabla hajaamka, mikono inaniuma kwa kusaga uwele.

Baada ya mavuno alikuja mama mkwe kutoka kijijini upande wa Mvumi. Kwao mtoto wa kwanza akiachishwa ziwa huweza kwenda kulelewa na bibi yake, na nilijua amekuja kunipima. Mume wangu alisema, "Tutaona mtakavyokaa." Nikaelewa: nikigombana na mama yake, mtoto amekwenda.

Bibi na mjukuu ni watani, hata humwita mjukuu wa kiume mume wake. Hapo hakuna ubaya. Lakini huyu alimpakata Yona na kupandisha sauti ifike jikoni: "Pole mume wangu, leo tena uji wa maji! Tutafanyaje, mama yako msomi bwana, vitabu havisagi." Majirani wakacheka. Mwanangu anabusiwa shavu, na papo hapo mimi natukanwa.

Siku moja nikamjibu vilevile. Nilimchukua Yona nikasema, "Mwambie bibi, uji huo wa maji mbona anamaliza bakuli?" Loo! Alisukuma chakula, akalala na njaa. Asubuhi mtaa mzima umesikia namsimanga mkwe wangu. Nilipojitetea akasema, "Mimi nilikuwa nataniana na mjukuu wangu. Nani kakutaja wewe?" Nikawa mkosaji mimi.

Basi nikaanza kumtazama vizuri. Alipotania kweli, macho yalikuwa kwa mtoto, na utani ulikwisha hapo hapo, nami nilicheka naye. Aliponipiga kijembe, macho yalinijia mimi kwanza, halafu alinyamaza akingoja nifanye nini. Nilichomnyima ni hicho alichokingoja. Aliposema, "Mume wangu, nguo yako imefuliwa au imeoneshwa maji tu?" nilimaliza kupepeta uwele wangu mpaka moyo ukatulia. Majirani walipoondoka nikapiga magoti karibu naye.

"Mama, nimesikia ulivyosema juu ya nguo za mtoto. Kama hazitakati, nionyeshe."

"Aa, nilikuwa natania."

"Sawa, Mama. Ukiona kitu niambie mimi mwenyewe. Yona bado hawezi kunifikishia."

Sauti niliichunga sana, maana ukiweka ukali kidogo tu, hata maneno mazuri yanakuwa kijembe. Kesho yake akarudia, nami nikauliza vilevile, peke yetu, bila kumkumbusha ya jana. Siku ya tatu alimweka mtoto chini.

"Haya. Namtaka mtoto. Tangu mzee afe, nyumba yangu haina hata wa kukohoa."

Nilimshika mkono, machozi yalinitoka. "Pole, Mama. Nitamleta, tutakaa nawe hata mwezi mzima. Lakini kumwacha, simwachi."

"Angalau umesema," akajibu. Alirudi kwake bila ugomvi, akasema atangoja neno la mwanawe.

Na huyo mwanawe ndiye anayenitia kinyaa sasa. Nilipomweleza yote alicheka puani. "Afadhali ninyi wawili mmekuwa serikali. Mimi nitaletewa barua tu."

Nikamuuliza kwa upole, "Baba Yona, una maana mtoto abaki, au umekasirika?"

"Natania tu, mama msomi."

Siku nne nauliza, siku nne anatania. Jana alirudi kutoka dukani kwa Mhindi na blanketi dogo, akalitupa kitandani. "Kijijini kuna baridi," akasema, akanikonyeza jicho. Nilimwambia wazi, "Mimi sijakubali Yona aende kukaa." Akapiga mluzi, akatoka. Mama yake alipoulizwa aliona haya, akasema ukweli. Huyu ninalala naye kitanda kimoja, na kila nikiuliza ananikenulia meno.

Sitaki kupiga kelele, kwa kuwa nikipiga kelele tu atasema, mnaona, mwanamke huyu hafai kulea. Lakini naogopa upole wangu anauhesabu kuwa nimekubali. Ninyi mliolea mkazeeka, nisemeje na mtu anayejificha nyuma ya kicheko? Niendelee kumuuliza, au nimbebe mwanangu niende kwa wazazi wangu Makole? Nijibuni upesi. Likizo yake ya stesheni inaanza wiki ijayo, na naogopa ataondoka na Yona kwenda kijijini.