Watoto Waliopimwa Ijumaa

Nilikuwa na kiburi. Naanza na hilo kwa sababu wanaonijua watalisema hata nisipolisema, na afadhali litoke kinywani mwangu.

Ofisi yetu ilikuwa Homa Bay mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukigonga kibodi saa nne asubuhi unasikia mabati yakishushwa chini yako. Tulikuwa watatu tu: mimi niliyeandika programu, mama mmoja aliyepokea simu kutoka vituo vya afya, na mkubwa wetu, mwanamke Msabato asiyepandisha sauti. Mfumo tuliotunza ulitumiwa na zahanati kadhaa za Homa Bay na Migori kufuatilia watoto waliokuwa kwenye matibabu ya kifua kikuu. Dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake. Muuguzi anampima, anaingiza uzito kwenye kompyuta, mfumo unamwambia vidonge vingapi kwa siku, na Jumapili pakiti za wiki nne zinafungwa mjini kwa kufuata orodha hiyo. Jumatatu alfajiri pikipiki inaondoka nazo. Uzito ukiwa wa zamani, pakiti inakuwa ya mtoto wa zamani.

Mwaka ule niliamua uzito uandikwe kwa gramu, sio kilo na nukta zake ambazo kila muuguzi aliziandika kivyake. Kazi safi. Programu mpya, safu mpya kwenye hifadhidata, na jedwali la mipaka ya dozi, ambalo lilikaa kwenye faili la mipangilio, nikaligeuza nalo kuwa gramu. Mkubwa akaniuliza swali moja tu.

"Mambo yakiharibika, njia ya kurudi iko wapi?"

Nikamwambia programu ya zamani inarudi kwa dakika mbili.

"Na hifadhidata? Na mipangilio? Hivyo vitatu vinarudi pamoja, ama kila kimoja na siku yake?"

Moto ulinipanda. Nilijua swali hilo linatoka wapi. Ijumaa jua likizama, mkubwa wetu hashiki kompyuta wala hapokei simu ya kazi mpaka Jumamosi jioni, kwa hiyo alitaka kila kitu kiwe kwenye karatasi ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata yeye asipokuwepo. Nikamtania kwamba Sabato yake ndiyo inatumalizia karatasi ofisini. Akacheka kidogo. Bado aliitaka karatasi.

Basi nikaandika mistari mitatu: rudisha programu, rejesha nakala ya akiba ya hifadhidata iliyochukuliwa alfajiri, rudisha mipangilio. Akauliza kama nimeifanyia majaribio. Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo, na ulitoka mwepesi kabisa.

Tukapandisha mabadiliko kwenye mfumo wa vituo Ijumaa asubuhi, siku ya kliniki ya watoto. Nilikuwa nimehamisha uzito wote kwenye safu mpya ya gramu, kisha nikaifuta ile ya zamani. Sipendi takataka kwenye hifadhidata.

Saa tano na nusu muuguzi wa zahanati ya Magunga akapiga simu. Alikuwa mtu wa miaka mingi kazini, na watoto wake aliwajua kwa sura. Akasema kuna msichana wa kilo kumi na tatu aliyekuwa akimeza vidonge vitatu mwezi uliopita, leo mashine inamwambia viwili. "Mtoto amenenepa, dawa imepungua. Mimi sitoi hii."

Kosa sikujua liko wapi. Baadaye nililiona: mpaka wa 12000 nilikuwa nimeuandika 21000, vidole vimepishana. Lakini saa ile nilijua tu kwamba dozi haiaminiki, na dozi isiyoaminika huiachi ikiendelea huku unatafuta sababu. Nikarudisha programu ya zamani. Dakika mbili, kama nilivyojisifu.

Vituo vyote vikazimika. Programu ya zamani ilikuwa inaitafuta safu ya kilo, na safu ya kilo nilishaifuta kwa mkono wangu.

Simu zikaanza kulia mezani kwa yule mama. Nikasoma mstari wa pili wa karatasi yangu mwenyewe, rejesha nakala ya alfajiri, nikarejesha. Nikarudisha na mipangilio. Vituo vikawaka, dozi zikawa sawa, nikaegemea kiti. Mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nakala ni ya saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Na waliopimwa tangu saa mbili?"

 Uzito wao wote ulikuwa umefutwa na nakala hiyo. Ningeweza kuzitoa rekodi za asubuhi kando kabla ya kurejesha nakala, kazi ya dakika kumi, halafu nizigeuze kuwa kilo na kuziingiza tena. Sikuwaza, kwa sababu karatasi haikusema, na karatasi niliiandika mimi bila kuijaribu hata mara moja. Nilimwambia hilo papo hapo, kwamba sikuijaribu. Akasema tuanze kupiga simu.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo lililonichoma zaidi. Miezi michache kabla, nilipokuwa nikiwafundisha wauguzi, niliwaambia waache daftari la uzito. Nilisema mbele ya watu wazima kwamba daftari ni ushamba. Vituo vingine vilinipuuza, Mungu awabariki, wakatusomea uzito wote kwa simu. Muuguzi wa Magunga alinitii.

Yeye alikuwa amewapima watoto tisa. Wanne walikuwa bado wamekaa kwenye benchi, akawapima upya. Wengine wanne wazazi wao walirudi kabla ya saa kumi. Jua lilipokaribia ziwa mkubwa alifunga kompyuta yake, akaniachia kazi, kwa kuwa Sabato yake ilikuwa inaingia. Sikumlaumu. Akabaki mtoto mmoja, mvulana wa upande wa Lambwe anayelelewa na nyanya yake, na simu ya nyanya ilikuwa imezimwa.

Uzito wake wa mwezi uliopita ulikuwa kilo kumi na moja na nukta nane. Vidonge viwili. Akiwa amevuka kumi na mbili ni vitatu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeifuta habari hiyo.

Jumamosi nilimchukua muuguzi kwa pikipiki, mizani ya kuning'iniza imo kwenye gunia mgongoni mwake. Nyanya tulimkuta kanisani, naye pia Msabato, tukangoja nje mpaka ibada ikaisha. Alitoka akiwa amemshika mtoto mkono, mtoto amevaa koti la suti lililomzidi na viatu vyeusi vya kung'aa.

"Dani, tunaomba tumpime tena," muuguzi akamwambia nyanya, akimwita hivyo kwa Kiluo.

"Si ulimpima jana?"

Muuguzi akanitazama. Hakunisaidia.

"Alimpima," nikasema. "Mimi ndiye niliyepoteza."

"Umepoteza nini?"

"Uzito wake. Ulikuwa umeandikwa, nikaufuta."

Nyanya yule alinikagua kuanzia viatu hadi kichwa. Nilifikiri atasema leo ni Sabato, mrudi kesho, na kesho asubuhi pakiti zinafungwa. Akainama, akamvua mtoto viatu, akamvua na koti, akalikunja vizuri na kuliweka juu ya Biblia yake.

"Jana tulitembea tangu kukiwa na giza," akasema. "Alilia njiani. Nikamwambia twende, wakuandike."

Tulitundika mizani kwenye boriti ya baraza la kanisa. Mshale ukacheza, ukatulia kwenye kumi na mbili na nukta tatu. Muuguzi akatoa daftari jipya, akaandika kwa wino, na mimi nikaandika kwangu. Nyanya akataka aonyeshwe alipoandikwa. Nikamwonyesha. Kweli niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada.

Jumatatu mkubwa hakunigombeza. Aliniambia tu nianze upya, na safari hii njia ya kurudi ikamilike kwanza ndipo niguse njia ya kwenda. Ilinichukua wiki tatu. Safu ya gramu niliiongeza pembeni ya ile ya kilo, bila kufuta kitu. Programu mpya iliandika kotekote, kilo na gramu, ili ya zamani ikirudishwa ikute kila uzito mahali pake, hata uliopimwa dakika tano zilizopita. Tukirudi, tusiguse nakala ya akiba kabisa. Siku ya kwenda mbele tena, gramu zinajazwa upya kutoka kwenye kilo. Jedwali la mipaka likawekwa pamoja na programu chini ya namba moja ya toleo, kwa hiyo ukirudisha programu unarudi na mipaka yake, haviwezi kuachana. Kufuta safu ya zamani kukawa kazi ya peke yake, ya miezi ya mbele. Nakala ya alfajiri ilibaki chini kabisa ya karatasi kama njia ya mwisho, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: TOA KWANZA REKODI ZILIZOINGIA TANGU NAKALA.

Halafu majaribio. Mkubwa alikataa niyafanye mimi. Alimkalisha yule mama wa simu mbele ya mfumo wa mfano, tukaingiza uzito ishirini wa kubuni, tukamwambia arudishe kila kitu kwa kufuata karatasi, nami nisifungue mdomo. Alifika hatua ya nne akasimama.

"Hapa umeandika 'washa upya kama kawaida'. Kawaida ya nani?"

Nikaandika upya. Mara ya tatu alimaliza bila kuuliza chochote, na uzito wote ishirini ulikuwepo. Aliuhesabu mwenyewe kwa kidole kwenye kioo.

Tulipandisha tena siku ya Ijumaa, asubuhi ya kliniki, kwa makusudi. Saa nne kituo kimoja cha upande wa Migori kikasema orodha ya watoto haifunguki. Kituo kimoja tu. Mimi wa zamani ningesema ngojeni nitazame. Lakini karatasi ilisema orodha isiyofunguka ni sababu ya kutosha kurudi, na ilisema anayerudisha ni yule mama, sio mimi. Akavaa miwani, akarudisha hatua kwa hatua. Mimi nilishika ukingo wa meza. Ilichukua dakika tisa.

Nikampigia muuguzi wa Magunga.

"Sista, yule mvulana wa Lambwe amekuja leo?"

"Amekuja. Nimempima kitambo."

"Nisomee kwenye kompyuta, sio daftarini."

 Nyuma yake nilisikia watoto.

"Kumi na mbili nukta tisa. Vidonge vitatu. Kwani kuna nini?"

"Tumerudi kwenye mfumo wa zamani."

"Lini?"

"Sasa hivi, ulipokuwa ukipima."

"Sisi hatujaona kitu," akasema, na akaniomba nimwache, kwa sababu nyanya alikuwa amesimama mbele yake akitaka kuonyeshwa mtoto alipoandikwa.