Nitilie Heshima, Dada

Pale kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kinachofua mashuka ya mahoteli, jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Wote walimwita Mama Heshima, na jina hilo alilipata kwa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya. Mtu akitaka ruhusa, au kubadilishiwa zamu, au kutanguliziwa mshahara, hakumwandikia Madamu, msimamizi wao, moja kwa moja. Alikuja kwanza kwenye vikapu vya mashuka saa ya chai, akamkabidhi simu, akasema, "Nitilie heshima hapa, dada."

Naye alitia. Kwani ilikuwa shida? Mzee anayetunza boila ya mvuke, kwa mfano, mtu mwema asiye na neno na mtu, akishika simu tu hugeuka simba. Siku mkewe alipougua aliandika hivi: "Madamu kesho siji mke anaumwa na mmenichosha." Mama Heshima alisoma, akafumba macho, akafumbua.

"Mzee wangu, hili la kuchoshwa linaingiaje?"

"Si kweli?"

"Ni kweli. Lakini unaomba ruhusa au unatafuta ugomvi?"

Akamwandikia upya kwenye simu yake mwenyewe, akamtumia: "Habari za kazi, Madamu. Naomba ruhusa ya kesho Jumamosi, zamu ya asubuhi, nimpeleke mke wangu hospitali. Nimeongea na mwenzangu wa jioni, amekubali kunishikia zamu. Jumapili nitakuwepo kama kawaida. Samahani kwa usumbufu, nami nitashukuru kwa utakaloamua." Basi. Ombi mwanzoni, siku yake, sababu kwa ufupi, nani anashika nafasi, lini mtu anarudi. Hakupenda kulialia wala kumtaja Mungu kila mstari. Msimamizi ana mashine za kuendesha, alisema, mwambie kwanza kitakachomnyima usingizi. Na kitu hicho ni nafasi tupu, maana ile mashine ya kupigia pasi mashuka inataka watu wanne, wawili wa kulisha na wawili wa kupokea na kukunja. Akikosekana mmoja, watatu waliobaki wanatazamana tu.

Shida ilianza nyumbani kwake. Mtoto wake wa kike, wa darasa la kwanza, alikuwa na mafindofindo. Mchana akirudi shule alilala kidogo kwenye kochi, na mama mtu, akitoka zamu ya asubuhi, alikaa chini pembeni akimsikiliza. Mtoto alikoroma kama mtu mzima aliyeshiba. Hilo si neno. Neno ni pale mkoromo ulipokatika. Kifua kilipanda, hewa haikuingia, midomo ikabaki wazi, na chumba kizima kikawa kimya. Kisha mtoto akashtuka, akavuta pumzi kwa kishindo, akaendelea kulala kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama Heshima ndiye aliyebaki anahesabu pumzi. Kila siku aliogopa ile mara moja ambayo mtoto hatashtuka.

Daktari alitazama koo, akasema yakatwe, na mapema. Akapangiwa Alhamisi, asubuhi. Mzazi mwenyewe awepo atie saini, nesi alisisitiza, si shangazi wala jirani. Baba mtu ni dereva wa malori ya masafa, alikuwa nchi ya tatu huko na mzigo wake. Siku ikipotea, mtoto anarudi mwisho wa foleni, na foleni ile ni ya miezi.

Alipanga kuomba ruhusa Jumatatu. Kwa wengine alikuwa ameandika mara ngapi? Kwa nafsi yake hakuwahi. Alikuwa na maneno tayari kichwani.

Jumatatu hiyo, kabla mashine haijapata moto, Madamu aliingia chumba cha pasi na simu mkononi. Alikuwa mdogo kuliko wengi wao, mwembamba, hapazi sauti hata siku moja, na hilo ndilo lililowatisha. Akasimama katikati yao.

"Nimepata ujumbe wa mzee wa boila wa kuomba ruhusa ya Jumamosi," alisema. "Ruhusa nilimpa. Jana nikausoma tena vizuri. Naomba niwasomee unavyoanza."

Akasoma, taratibu, kama anayesoma matangazo ya vifo. "'Haya mzee wangu, huu hapa. Nakili kuanzia habari za kazi, haya ya juu usitume. Na usirudishe yale ya kuchoshwa, nakuomba.'"

Kumbe yule mzee, badala ya kunakili, aliubonyeza ujumbe wote akaupitisha kwa Madamu mzimamzima, na juu yake alama ya kuonyesha umetoka kwa mtu mwingine. Siku nyingine wangecheka hadi mbavu ziume. Siku hiyo kila mtu alijifanya anakagua shuka lake.

"Nikarudi nyuma kusoma za miezi yote," Madamu akaendelea. "Samahani kwa usumbufu. Nitashukuru kwa utakaloamua. Wote. Nilikuwa nafurahi, najiambia watu wangu wamebadilika. Kumbe nilikuwa najibizana na mtu mmoja. Sasa huyo mtu aje ofisini kwangu. Mpaka aje, wiki hii sitoi ruhusa kwa yeyote."

Akatoka. Mama Heshima alishika ukingo wa shuka. Alimkumbuka mkunjaji mmoja aliyekuwa akimgongea mwenzake kadi ya mahudhurio. Naye alisema anasaidia tu. Alifukuzwa kabla ya saa ya chai, na Madamu hakupaza sauti. Kujifanya mtu mwingine ni kujifanya mtu mwingine, alisema siku ile.

Hakuna aliyemtaja. Walifanya kazi wameinamisha vichwa. Mzee wa boila alikuja saa ya chai, kofia mkononi, akasimama mbele ya vikapu. Mama Heshima alimsogezea kikombe chake cha chai, yeye hakuwa na hamu nacho. Hasira zingemsaidia nini? Alikuwa na woga tu, na woga ulikuwa umejaa pomoni.

Usidhani alikwenda ofisini siku ile. Hakwenda. Alijaribu ujanja, masikini. Alikaa chooni na simu akaandika ombi lake kwa lugha mbovu makusudi, ili lisifanane na yake: "Madamu Alhamis siji mtoto anapasuliwa." Akaitazama. Hata mkono haukukubali kuituma. Na ingetumwa ingefaa nini, kama hakuna anayepewa ruhusa? Akaifuta. Akimaliza kukiri, kazi imekwenda, na bima ya kazi ndiyo inayolipia upasuaji. Asipokiri, Alhamisi imekwenda. Aliligeuza hivyo na hivi, kila upande ukawa na mtoto wake.

Jumanne mchana mtoto alilala kochini. Mkoromo ukakatika. Mama akangoja. Akangoja tena, akaona rangi ya midomo inabadilika, akamnyanyua kwa mabega akamtikisa kwa nguvu hata kichwa kikayumba. Mtoto akavuta pumzi, akafungua macho, akaanza kulia.

"Mama, mbona unanipiga?"

"Sikupigi, mwanangu. Sikupigi."

Jumatano alipomaliza zamu alimwambia mwenzake wa jioni wa kulisha mashine, mwanamke mmoja ambaye wote walimwita Kimya kwa sababu ya kimya chake, "Naenda kwa Madamu. Mtoto wangu anakatwa mafindofindo kesho. Wakinifukuza, aproni yangu kaa nayo." Akaenda.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo chenye dirisha la kutazama mashine. Madamu alikuwa anapanga zamu.

"Ni mimi," Mama Heshima alisema, hata salamu akaisahau. "Ninayewaandikia. Ni mimi."

Madamu aliweka kalamu chini. "Kwa nini?"

Alikuwa ameandaa maneno mazuri tangu asubuhi. Hakuliona hata moja. "Wanakuogopa. Mtu akiogopa anaandika kama mgomvi. Mimi nauondoa ugomvi tu. Mke wa mzee anaumwa kweli. Sijawahi kuandika uongo wa mtu, Madamu, hata mmoja."

"Na wewe huniogopi?"

"Mimi nakuogopa kuliko wote. Ndiyo maana najua kuandika."

Mama Heshima akaona akinyamaza hatasema tena, akayatoa yote kwa fujo, mwisho mwanzoni na mwanzo katikati. Kwamba mtoto anaacha kupumua usingizini. Kwamba midomo. Kwamba saini lazima iwe yake. Kwamba kesho. Alilia pia, na kamasi zikamtoka, na hakukumbuka kusema samahani kwa usumbufu.

"Kesho," Madamu alisema. "Nani anakushikia zamu?"

Ee Mola. Swali alilomuuliza kila mtu kabla ya kumwandikia. Kwa siku tatu za hofu hakuwa amemuuliza mtu hata mmoja.

"Sina mtu," alisema.

"Kesho tuna mashuka ya hoteli mbili. Unajua mwenyewe nisipokuwa na wanne."

"Najua."

Simu ya Madamu ikalia mezani. Akaipuuza. Ikalia tena, na tena. Akaichukua, akapitisha macho. Kisha akasoma kwa sauti ileile ya matangazo ya vifo.

"'Madamu mimi Kimya. Kesho naunga zamu asubuhi ya huyu mama na jioni yangu. Usimfukuze.'" Akasogeza kidole. "'Mimi wa kukunja. Kesho ni siku yangu ya kupumzika lakini nakuja utake usitake.'" Akasogeza tena, akakunja uso. "'Madamu kosa ni langu nilibonyeza vibaya. Kama kuna kufukuzwa nifukuze mimi. Mashuka ntalisha mwenyewe boila inajiendesha. Mke amepona. Ila mmenichosha.'"

Mama Heshima alisikia kila kosa. Vidole vilimwasha kuyatengeneza, moja baada ya jingine, na machozi yalimzidi.

"Hizi hukuziandika wewe," Madamu alisema.

"Hapana, Madamu."

"Hilo naliona." Akachukua kalamu, akaandika jina la Kimya kwenye zamu ya kesho. "Boila haijiendeshi, mwambie huyo mzee. Ijumaa utakuja kusaini onyo. Onyo lipo, usidhani halipo. Sasa nenda."

Alhamisi mtoto alirudishwa wodini mchana, koo limevimba, macho mazito, akalala. Mama alikaa kwenye kiti cha chuma akasikiliza. Hakusikia kitu. Akasimama, akainama hadi shavu likagusa pua ya mtoto, akamwita nesi. Nesi akaja, akamtazama mtoto, akamtazama yeye.

"Amelala tu, mama. Mtoto mzima hakoromi usingizini."

Hakuamini mpaka alipoweka kiganja kifuani. Kilipanda, kikashuka. Kilipanda, kikashuka, bila kukwama popote.

Simu ikatikisika mfukoni. Ilikuwa ya Madamu, bila habari wala samahani: "Mtoto vipi."

Alianza kuandika kama alivyozoea, habari za kazi, Madamu, nakushukuru. Akasimama. Akafuta yote, na mkono mmoja ungali kifuani pa mtoto, akaandika kwa mwingine neno moja.

"Anapumua."