Senti Moja ya Vifungo

Kila mwezi kiwanda cha nguo kiliagiza vifungo mia vyeupe, mia vyeusi na mia vya buluu. Kifungo kimoja shilingi 0.3349, kwa hiyo kila rangi ilikuwa 33.49. Muuzaji alipiga kodi ya asilimia kumi na tano mstari kwa mstari: 5.0235 ikakatwa kuwa 5.02, mara tatu, 15.06. Kompyuta ya mhasibu wetu ilipiga kodi hiyo juu ya jumla, 100.47, ikapata 15.07. Hakuna aliyekosea, ila ankara iligoma kupita mpaka mhasibu huyo, mama mjane mkali kama pilipili, ampigie simu karani wa muuzaji wa vifungo.

"Mama Senti!" karani alikuwa akicheka. "Umepiga kunidai?"

"Nakudai akili!" Kisha walikuwa wakikubaliana mama alipe kama ankara ilivyoandikwa, na ile senti aiweke kwenye hesabu ya tofauti ndogondogo za desimali. Hapo ndipo yalipoanza mazungumzo yenyewe: magoti, mvua, marehemu mke wa karani.

Kisha fundi wa kompyuta akaruhusu tofauti ya hadi senti tano ipite yenyewe. "Nimekupunguzia kazi, mama."

Kazi, ndiyo. Simu ikanyamaza kama kaburi. Mama akawa anaifuta vumbi.

Ankara ya nne tangu hapo ilipofika, alirudisha kiwango kile cha senti tano kwenye sifuri. Ankara ikagoma, nyekundu kwenye skrini, nzuri. Akapiga simu.

Ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili.

"Mama Senti," karani alisema, bila kucheka. "Senti zimefika nne. Nimekuwa nikizihesabu."