Nauli ya Watu Wawili

Habari ya kazi ilipofika kutoka Dar es Salaam, mama alipiga vigelegele hadi majirani zetu wa mtaa wa Mirongo wakatoka nje. Nilikuwa nimepata nafasi ya maabara katika kampuni ya kusindika samaki. Nilifurahi, kisha nikaanza kuwaza nauli ya treni, mizigo, na kodi ya chumba ambayo wenye nyumba huitaka mapema. Akiba yangu ingenifikisha mimi tu. Binti yangu wa miaka minne angebaki, na hilo sikulitaka hata kulisikia.

"Sisi tulipohamishwa, serikali ilitulipia nauli, mke na watoto humo humo," alisema baba, ambaye alikuwa amepunguzwa kazi pamoja na nusu ya ofisi yake. "Hawa wa binafsi umewauliza?"

"Asithubutu!" mama alidakia. "Hata hajaripoti kazini, anaomba hela? Watampa mwingine."

Kuuliza si ujinga, nilimjibu, nikaondoka kabla sijaingiwa na woga.

Siku hizo barua pepe tulikuwa tukienda kuituma kwenye duka la kompyuta mjini. Baba alinifuata, akasimama nyuma ya kiti changu. Niliwashukuru kwa nafasi, nikasema naitaka kazi, kisha nikauliza kama wana utaratibu wa kumsaidia mwajiriwa anayehama. Nilitaja nauli yangu na ya mtoto, mizigo, na mahali pa kufikia. Niliomba jibu lao kabla sijasaini mkataba. Baba alitaka nimalizie kwa "wako mtiifu". Nilikataa. Utii wake serikali iliupokea miaka yote, ikamrudishia barua ya kumwachisha kazi.

Kila nilipopita dukani, mwenye duka alitikisa kichwa kwamba jibu bado. Nyumbani mama hakuniuliza hata kama wamejibu, na hilo lilinikasirisha.

Jibu lilikuja. Wangelipa nauli ya watu wawili, mizigo kwa stakabadhi, na kodi ya chumba kwa mwezi mmoja wa mwanzo. Yote yangeandikwa kwenye mkataba, na nikiacha kazi kabla ya mwaka ningerudisha fedha hizo. Nilitoka mbio na karatasi waliyonichapishia jibu hilo, baba akinifuata nyuma na kunionya nisije nikagongwa na baiskeli.

Mama alisikiliza hadi mwisho, akamvuta mjukuu wake mapajani.

"Nilikuwa naomba wakatae," alisema. "Mungu anisamehe. Nilijua wakikataa, huyu atabaki na mimi."

Nilikaa chini kando yake, na hasira yangu yote ya siku zile ikaniishia. Baba alikwenda kusimama mlangoni, akatugeuzia mgongo.

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akaichukua karatasi ingawa iliandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoijua.

"Hebu rudi kule kwenye kompyuta," alisema. "Waulize na nauli ya likizo."