Mkopeshaji Asiye na Mlango wa Kubishia Hodi

Injini ya karasha ya shangazi yangu iliungua katika kipindi ambacho nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mikopo isiyo na benki. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na pale machimboni Segese karasha ikinyamaza kwa wiki moja wateja wote huhamia kwa jirani na hawarudi hata kusalimia. Benki ilimtaka shangazi alete hati ya nyumba. Hati ilikuwa na jina la marehemu mumewe, na marehemu hakuweza kufika kutia saini.

Mimi nilikuwa na etha, sarafu ya kidijitali niliyolipwa kwa kurekebisha programu za watu nisiowahi kuwaona. Ndiyo ilikuwa ada yangu ya mwaka wa mwisho. Bila hiyo, tasnifu ingebaki sura tatu na shukrani. Sikutaka kuiuza, kwa sababu nilikuwa nimejithibitishia, kwa kurasa nyingi, kwamba bei ingepanda. Nikaamua kuiweka rehani.

Nilimweleza shangazi kwa ng'ombe, kwa kuwa mifano yangu mingine ilimfanya apige miayo.

"Chukulia nina ng'ombe kumi. Ninawafungia katika zizi lisilo na mchungaji, linaloendeshwa na programu. Watu wengine wameweka humo dola za kidijitali ili wapate riba. Programu inanikopesha thamani ya ng'ombe watano."

"Una kumi, unakopa watano? Si ungeuza watano yakaisha?"

"Nikiuza, wamekwenda. Nikikopa, nikilipa narudishiwa wote kumi."

"Na anayekopesha hajakuuliza wewe ni mtoto wa nani?"

"Hana haja. Anashikilia zaidi ya anachodaiwa."

Shangazi alitafakari. "Huyo amewahi kudhulumiwa vibaya," akasema.

Nikakopa, nikazigeuza dola zile kuwa shilingi kupitia muuzaji ninayemwamini, injini ikanunuliwa. Mkopo wenyewe haukuwa na tarehe ya mwisho. Riba iliongezeka kidogo kidogo, na sharti lilikuwa moja tu: deni lisivuke asilimia themanini ya thamani ya dhamana. Kwenye simu yangu sharti hilo lilionekana kama namba moja, kipimo cha afya ya mkopo. Ikiwa juu ya moja, uko salama. Ikishuka chini ya moja, mtu yeyote duniani anaruhusiwa kulipa sehemu ya deni lako na kujichukulia dhamana yako yenye thamani ileile, pamoja na asilimia tano ya ziada kwa usumbufu wake. Nilikuwa nimeuchora utaratibu huo kwa mishale ya rangi katika sura ya pili. Msimamizi wangu aliusifu mchoro.

Kisha bei ya etha ikaanza kuporomoka. Nilipanda gari kutoka Ibadakuli, nilikopanga chumba, hadi Segese nikiwa nimeishika simu kama mtu aliyebeba yai. Kipimo kilikuwa kimeanza na moja nukta sita. Nilipoingia uani kwa shangazi kilikuwa moja nukta sifuri tisa.

"Shikamoo, shangazi. Tulipe leo, hata nusu."

"Marahaba. Pesa ipo." Akapigapiga fundo la khanga yake, kwani asubuhi ile alikuwa ameuza dhahabu. "Lakini hatulipi kabla ya kuomba."

Hapa ndipo elimu yangu ilipogonga mwamba. Katika biashara ya shangazi, deni halilipwi kimyakimya. Anayelipa upesi huonekana kuwa na pesa, na safari ijayo atatozwa zaidi. Kwanza hutumwa mwombaji akaombe muda. Mkopeshaji hukasirika kwa heshima, hutoa siku chache, na ndipo mdaiwa hulipa mapema na kusifiwa. Shangazi alikuwa na mwombaji wake, katekista mstaafu mwenye koti jeusi na sauti ya msibani. Inasemekana aliwahi kuombea deni la injini mpaka mwenye duka akalia na kutoa nauli. Alikuwa tayari amekaa kwenye kiti, kwapani ana jogoo mweupe wa kumpelekea mkopeshaji.

"Ng'wanawane," aliniambia kwa Kisukuma, yaani mwanangu, "huyu mheshimiwa anakaa wapi?"

"Hakai popote, babu. Ni programu. Iko kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja."

"Ana familia?"

"Hana."

"Mkubwa wake wa kazi?"

"Walioiandika hawawezi kusimamisha deni langu. Inasoma bei, inafuata kanuni."

"Mpigie nimsalimie tu. Mtu akishasalimiwa hulegea."

"Babu, haina masikio."

Alimgeukia shangazi kwa huruma. "Kijana amechoka na masomo. Hakuna mdai asiyepiga simu. Atapiga. Yule mwenye dizeli hupiga mara tatu kabla ya kuja."

"Huyu hapigi," nikasema. Moja nukta sifuri tatu. Nikaanza kueleza tofauti kati ya kudai na kutekeleza, kwa vipengele. Nakiri kwamba kipengele cha pili kilikuwa na vijipengele. Karasha ilikuwa inanguruma, hivyo nilivitaja kwa kupiga kelele. Nilipofika cha tatu, shangazi alifungua khanga kwa uchovu.

"Chukua, unyamaze."

Nilitazama simu. Kipimo kilisomeka moja nukta moja nne: kimepanda. Deni lilikuwa limebaki nusu.

"Limepungua," nikasema. "Mtu amelipa nusu."

Katekista alisimama taratibu, akavua kofia. "Gete," akasema, yaani kweli kabisa. "Si niliwaambia? Nia ya kuomba nayo ni maombi."

"Mtu gani?" shangazi akauliza. "Hatumjui, na hata asante hatujamwambia? Jogoo huyu apelekwe kwake."

"Amekwisha kujichukulia, shangazi. Bei imeanguka sana, kipimo kikashuka chini ya moja. Kwa nusu ile ya deni na ziada yake, ameondoka na ng'ombe wanne na robo."

"Wa nani?"

"Wangu."

Karasha iliendelea kusaga. Shangazi alizihesabu noti, akanipa zote, na kabla jua halijasogea nilikuwa nimenunua dola za kidijitali na kulipa nusu ya deni iliyobaki. Zizi likafunguka. Walirudi ng'ombe watano na robo tatu, waliokonda kwa bei, wasiotosha ada.

"Kwa hiyo aliyelipa nusu ile ni wewe," shangazi akasema.

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Basi unanidai."

Nilikuwa nawaza kama mchoro wa sura ya pili ulihitaji mshale mmoja zaidi.

Jumamosi iliyofuata hodi ilipigwa katika chumba changu cha kupanga, Ibadakuli. Alikuwa katekista, kwa koti lake jeusi, jogoo kwapani. Nilimwamkia, aliitikia, kisha akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyenifahamu.

"Mheshimiwa," alianza, kwa sauti ile ya msibani, "nimetumwa na mama mmoja wa Segese. Ana deni kwako. Anaomba muda."

Nilijua shangazi ana pesa. Nilikuwa nimesikia karasha yake inavyofanya kazi. Nilijua pia tarehe ya mwisho ya ada. Nilitafuta ndani yangu kizingiti, asilimia yoyote ile ambayo chini yake ningeweza kukataa, nikamkuta babu ananitazama kwa macho yaliyoanza kulowa.

Nilikasirika kwa heshima. Nikatoa wiki mbili.

Shangazi alilipa siku ya nne, ada ikalipwa, naye akasifiwa na ukoo mzima kwa uaminifu. Jogoo nimebaki naye. Huwika kila nikianza kuandika sura ya tano, na hajali kuombwa.